Simu ya Marekani, mnara wa Geita: Kwa nini ‘5G’ ya kwenye boksi inaishia kuwa ‘E’ kijijini

Saa saba usiku, katika kijiji kimoja jirani na machimbo ya Rwamgasa mkoani Geita, mama mwenye mtoto wa wiki tatu aligundua kuwa mwanawe hanyonyi. Alimweka titini mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto aligeuza shingo, akalala.

Mumewe alikuwa machimboni, zamu ya usiku kwenye karasha. Mama huyo akachukua simu yake mpya, zawadi kutoka kwa wifi yake anayeishi Marekani, iliyokuja na boksi lake limeandikwa 5G kwa herufi kubwa. Akarekodi video fupi ya mtoto na kumtumia WhatsApp muuguzi anayefahamiana naye.

Kialama cha kutuma kilizunguka. Dakika tano, kumi, kumi na tano, kikaendelea kuzunguka. Juu ya kioo, pembeni ya mistari ya mtandao, palikuwa na herufi moja tu: E.

Aliyeokoa hali ni jirani, mama mtu mzima aliyeamshwa na taa. Alimwambia aachane na video, apige namba 115. Simu ileile iliyoshindwa kutuma video ilipiga mara moja na kusikika vizuri. Gari lilitafutwa, mtoto akafikishwa kituo cha afya kabla ya alfajiri, na leo ana afya njema.

Lakini swali lilibaki. Simu ya kisasa, yenye bando la kutosha, mahali ambapo simu ya bei nafuu ya jirani huyo inaonyesha 4G kwa kampuni ileile ya laini, ilishindwaje kutuma video?

Jibu alilipata siku chache baadaye kwa fundi wa simu wa Katoro. “Mayu, simu yako ni nzima,” fundi alimwambia. “Haijui kusikiliza minara ya kwetu.”

Bendi ni nini

Simu na mnara huzungumza kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yamegawanywa katika mafungu. Kila fungu lina namba yake, na ndilo linaloitwa bendi. Mtu aliyezoea redio ya kawaida ataelewa haraka: kama redio yako ina AM peke yake, hata ukipanda juu ya mlima hutasikia kituo kinachorusha FM. Redio haijaharibika, ila haina mlango wa kupitishia mawimbi hayo.

Simu nayo iko hivyo. Ndani yake kuna vichujio na vipaza sauti vidogo vya mawimbi vilivyotengenezwa kwa bendi maalumu. Kiwanda kikitengeneza simu kwa ajili ya kampuni moja ya Marekani, huweka vile vinavyohitajika Marekani, na mara nyingi kwenye simu za bei ya chini huacha vya sehemu nyingine za dunia ili kupunguza gharama.

Ndiyo maana simu mbili zenye jina moja, rangi moja na kamera moja zinaweza kuwa tofauti kabisa kwenye mtandao. Jina la biashara ni moja, lakini namba ya modeli ni mbili.

Namba tatu za kukariri

Kwa mzazi wa Shinyanga au Geita, bendi za 4G zinazobeba uzito mkubwa ni tatu: 3, 20 na 28.

Bendi 3 iko kwenye megahezi 1800. Ni bendi iliyozoeleka zaidi kwa 4G katika nchi nyingi, na hapa Tanzania hutumika sana, hasa mijini na kwenye miji midogo yenye watu wengi kama Kahama, Katoro na Geita mjini.

Bendi 20 iko kwenye megahezi 800. Ndiyo iliyotumiwa na Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilipoanza huduma ya 4G nchini.

Bendi 28 iko kwenye megahezi 700. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliuza kwa mnada mawimbi ya 700, na Vodacom ikawa miongoni mwa washindi.

Tofauti ya namba hizi si ya kwenye karatasi tu. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa takribani sentimita 43, wakati la megahezi 3500 lina sentimita kama tisa tu. Wimbi refu husafiri mbali zaidi, huzunguka kilima kwa urahisi zaidi na hupenya ukuta wa tofali vizuri zaidi kuliko wimbi fupi. Kwa hiyo mnara mmoja wenye bendi 20 au 28 unaweza kuhudumia vijiji ambavyo bendi 3 ya mnara huohuo inavifikia kwa tabu au haivifikii kabisa.

Ukanda wa dhahabu una vilima vya mawe, na watu huhamia kule dhahabu inakoonekana. Kambi ya wachimbaji wadogo inaweza kuota mahali ambapo mnara ulio karibu uko kilomita kadhaa. Katika mazingira hayo, simu yenye bendi 3 bila 20 wala 28 itafanya kazi vizuri sokoni na kupotea mtandao nyumbani.

Simu ya wifi ilikuwa na nini

Fundi wa Katoro alifungua mipangilio ya simu ile, akasoma namba ya modeli, kisha akatafuta orodha ya bendi zake mtandaoni. Kwa 4G ilikuwa na bendi 2, 4, 5, 12, 13, 66 na 71. Hakuna 3. Hakuna 20. Hakuna 28.

Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Bendi 12 na 13 za Marekani nazo huitwa mawimbi ya megahezi 700, kama bendi 28 ya hapa. Muuzaji anaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba simu “inashika 700”. Lakini mpangilio wake ni mwingine. Katika bendi 28 mnara hurusha kati ya megahezi 758 na 803. Katika bendi 12 hurusha kati ya 729 na 746, na katika bendi 13 kati ya 746 na 756. Simu yenye 12 na 13 haisikilizi pale mnara wa bendi 28 unapoongea. Kwa hiyo unaponunua, uliza namba ya bendi. Namba ya megahezi peke yake haitoshi.

Simu ikikosa 4G hushuka kwenye 3G. Hapa 3G hutumia megahezi 2100, ambayo ni bendi 1, na megahezi 900, ambayo ni bendi 8. Simu ile ilikuwa na bendi 2, 4 na 5 za 3G. Nako ikakosa.

Ikabaki ngazi ya mwisho, 2G. Simu nyingi duniani, hata za Marekani, bado zina megahezi 900 na 1800 za 2G, na hizo ndizo zinazotumika Tanzania. Hapo ndipo simu ilipotua, na herufi E ndiyo alama ya intaneti ya 2G.

Dakika ishirini kwa video moja

Intaneti ya E, katika hali ya kawaida, inaweza kupitisha kiasi cha kilobiti 100 kwa sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Picha ya megabaiti tatu ina kilobiti 24,000. Gawanya kwa 100, unapata sekunde 240, yaani dakika nne kwa picha moja.

Video ya megabaiti 16 ina kilobiti 128,000. Hiyo ni sekunde 1,280, zaidi ya dakika 21, endapo mtandao hautakatika hata mara moja. Na kwa kawaida 2G haifanyi kazi mbili pamoja: mtu akikupigia wakati video inapanda, intaneti husimama mpaka umalize kuongea.

Sauti ina njia yake. Simu ya kawaida ya kuongea haihitaji 4G wala bando, na 2G inaibeba vizuri. Ndiyo sababu simu ya mama yule ilionekana imekufa kwenye WhatsApp lakini ikapiga 115 bila shida.

Namba 115 ni ya bure. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga. Mfumo huo ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kuwa wa kitaifa mwaka 2022. Mhudumu hupokea simu, huuliza maswali kuhusu hali ya mgonjwa na kutafuta gari la wagonjwa, au pale lisipokuwapo, dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa njia ya simu.

Kwa upande wa afya, mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayepumua haraka sana, anayebonyea kifua anapovuta pumzi, mwenye degedege, mwenye joto kali au aliyepoa mwili, au asiyechezacheza mpaka aguswe, ana dalili ya hatari. Dalili hizo hazisubiri video ifike. Hata ukiwa na 4G ya nguvu, piga simu kwanza.

Je, fundi anaweza kuongeza bendi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mwenye simu ya namna hii, na jibu ni hapana. Wengi huchanganya mambo mawili: simu iliyofungwa na simu isiyo na bendi.

Simu iliyofungwa ni ile inayokataa laini ya kampuni nyingine. Ukiweka laini ya hapa, huandika kuwa laini haikubaliki au huomba namba ya siri. Hiyo inaweza kufunguliwa, na njia salama ni kumwomba aliyeinunua afuatilie kwa kampuni aliyonunulia kabla ya kuituma.

Simu isiyo na bendi huikubali laini, hupiga na kupokea simu, ila intaneti hubaki E siku zote. Kuflashi hakutabadili kitu, kwa sababu kinachokosekana ni kifaa ndani ya simu. Kulipia kuflashi simu ya namna hiyo ni kutupa fedha, na kuna hatari ya kuiharibu kabisa.

Vilevile, uhalali wa simu ni jambo jingine. Tangu simu bandia zilipozimwa nchini Juni 2016, Watanzania wamezoea kubonyeza *#06#, kuchukua namba ya IMEI na kuituma kwa ujumbe kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi. Ni kipimo kizuri na kifanyike. Lakini kinakuambia kama simu ni ya kweli, hakikuambii kama inafaa kwa minara ya Geita. Simu ya mama yule ilikuwa halisi kabisa.

Na 5G je?

Vodacom ilizindua 5G nchini Septemba 2022. Mwezi uliofuata TCRA iliuza kwa mnada mawimbi ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, na kampuni kadhaa zilinunua. Airtel, kwa mfano, ilichukua ya 2600 na 3500.

Kwa simu, 5G ya megahezi 3500 ni bendi n78, na simu yenye n77 huwa imelijumuisha eneo hilo. Ya megahezi 2600 kwa kawaida ni n41, na ya 700 ni n28. Anayenunua simu ya kukaa nayo miaka minne au mitano anafanya vizuri kutafuta yenye n78, n41 na n28 pamoja.

Hata hivyo, mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, mawimbi ya 3500 ni mafupi na hayaendi mbali, hivyo huanza mijini kwenye watu wengi. Anayeishi nje ya mji atategemea 4G kwa muda mrefu. Pili, 5G ya hatua ya kwanza, ambayo ndiyo mitandao mingi duniani ilianza nayo, huegemea 4G: simu hujishikiza kwanza kwenye bendi ya 4G, ndipo 5G iongezwe juu yake. Simu isiyo na bendi ya 4G ya hapa inaweza isione hiyo 5G hata ikisimama chini ya mnara.

Kwa hiyo, kama fedha inatosha simu moja tu kati ya mbili, ile ya 4G yenye 3, 20 na 28 itamfaa mzazi wa kijijini kuliko ya 5G isiyo nazo.

Simu inatoka wapi?

Nchi ambako simu iliuzwa mara ya kwanza hutoa dokezo zuri, ingawa si hukumu.

Simu zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya na nchi za Ghuba, zikiwamo nyingi zinazoingia kupitia Dubai, kwa kawaida huwa na bendi 3 na 20, na nyingi zina 28. Hizi mara chache huleta shida.

Simu zilizotengenezwa kwa soko la China huwa na bendi 3, lakini baadhi hazina 20 wala 28. Hizi ndizo ngumu kugundua, kwa sababu dukani Kariakoo au Kahama mjini zinaonyesha 4G safi. Tatizo huanza ukifika kijijini.

Simu za bei ya chini zilizouzwa na kampuni za Marekani ndizo za kuogopwa zaidi. Kwa Samsung, herufi ya mwisho ya modeli husaidia. Galaxy A14 5G yenye namba SM-A146U ni ya Marekani, wakati SM-A146B ni ya soko la kimataifa. Jina ni lilelile, mdomo wa muuzaji utasema ni kitu kimoja, lakini sivyo.

iPhone za miaka ya karibuni zina bendi nyingi, hata zile za Marekani. Kwao angalia jambo jingine: kuanzia iPhone 14, zile za Marekani hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi. Kabla ya kuipokea, uliza duka la kampuni ya laini yako kama watakuwekea eSIM na wapi.

Namna ya kuhakiki

Kazi kubwa ifanyike kabla fedha haijatoka. Kama ndugu yuko nje ya nchi, mtumie ujumbe huu: “Naomba namba kamili ya modeli kabla hujalipa, siyo jina tu. Iwe na LTE bendi 3, 20 na 28, na 3G bendi 1 na 8. Isiwe imefungwa na kampuni.” Akikupa namba, itafute kwenye ukurasa wa kiwanda kilichotengeneza simu hiyo na usome sehemu ya mtandao. Hakikisha unachosoma ni cha modeli hiyohiyo, herufi kwa herufi.

Kama simu iko dukani, namba ya modeli iko kwenye mipangilio, sehemu ya “Kuhusu simu”. Usitegemee boksi, kwani boksi na simu vinaweza kuwa vimekutanishwa njiani.

Simu ikishafika mkononi, weka laini yako na uijaribu nyumbani, ndani ya chumba unacholala, mlango ukiwa umefungwa. Hapo ndipo utakapoihitaji usiku. Mjini karibu kila simu hufaulu.

Kwenye Samsung nyingi, ukibonyeza *#0011# kama unayepiga simu, hufunguka ukurasa wenye maandishi mengi; tafuta neno Band na namba inayofuata. Kwenye simu nyingine za Android, programu ya bure kama NetMonster huonyesha jambo hilohilo. Ukiona 20 au 28 ukiwa nyumbani kijijini, simu imeshika mawimbi yanayokwenda mbali.

Mwisho, usiilaumu simu kabla ya kuulinganisha mnara. Mwombe jirani mwenye laini ya kampuni ileile asimame na wewe mahali pamoja. Simu yake ikionyesha 4G na yako E, tatizo ni simu. Zote zikionyesha E, huenda mnara wenyewe ni wa 2G, na hakuna simu ya bei yoyote itakayobadili hilo. Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, hivyo inafaa kujaribu tena kila mnara mpya unapowashwa.

Mama wa Rwamgasa hakuitupa simu yake. Aliibadilisha matumizi: ina kamera nzuri, na WhatsApp yake hufanya kazi anapokuwa kwa dada yake mjini Geita mwenye Wi-Fi, kwa kuwa Wi-Fi haihitaji bendi za minara. Kwa ajili ya nyumbani alinunua simu ndogo ya 4G, ya bei nafuu, baada ya fundi kumsomea namba tatu zile kwenye orodha.

Na kwenye mlango wa chumba, kwa kalamu ya mkaa, mumewe ameandika namba 115.